Mzabuni amechelewesha vifaa: maswali kuhusu barua ya kumwomba mfadhili nyongeza ya muda na fedha

Maswali haya huulizwa na waratibu na wahasibu wa miradi midogo inayoendeshwa kwa ruzuku. Nimejibu kwa mfano mmoja: mradi wa kisima chenye pampu ya sola katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Bajeti ilikuwa shilingi 186,000,000, na muda ulianza 1 Machi ukaishia 31 Desemba. Pampu, paneli na inverta ziliagizwa kwa mzabuni mmoja kwa shilingi 61,400,000 na zilitakiwa kufika 15 Agosti. Zilifika 24 Oktoba.

## Kabla ya kuandika

1. Niandike lini: vifaa vikishafika, au nikijua tu kwamba vitachelewa?

Andika mara mbili. Barua ya kwanza ni taarifa, nayo itoke ndani ya siku chache baada ya tarehe ya makubaliano kupita, hata kama hujui vifaa vitafika lini. Iwe ya aya mbili tu: nini hakijafika, umemchukulia mzabuni hatua gani, na lini utaleta maelezo kamili. Katika mfano wetu taarifa ilitoka 19 Agosti. Hakuna fedha iliyoombwa humo.

Barua ya pili ndiyo ombi lenyewe, nayo husubiri hadi urefu wa ucheleweshaji ujulikane. Sisi tuliiandika 4 Novemba, siku 11 baada ya vifaa kufika na siku 57 kabla ya mradi kufungwa.

Mara ya kwanza nilipoomba nyongeza, miaka mingi iliyopita, sikutuma taarifa ya awali. Nilidhani namhurumia mfadhili kwa kutompa habari mbaya zisizo kamili. Alichonijibu ni swali moja: kwa nini amejua mwezi wa nne jambo ambalo mimi nilijua mwezi wa kwanza? Sikuwa na jibu, na ombi likakwama hapo.

2. Mwisho wa kuomba ni lini?

Soma mkataba wako wa ruzuku, kifungu cha marekebisho. Ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje ya Ulaya kwa kawaida hutaka ombi lifike siku 30 kabla ya tarehe ambayo marekebisho yanatakiwa kuanza kutumika. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani huruhusu nyongeza moja ya muda isiyozidi miezi 12 kwa taarifa ya siku 10 kabla ya mradi kuisha. Ila mlango huo haufunguki kama unahitaji fedha zaidi, wala kama sababu pekee ni kutaka kumaliza salio lililobaki. Mashirika binafsi na makanisa yana taratibu zao. Mkataba ukiwa kimya, jipe siku 45, kwa kuwa barua hupita kwa afisa mradi, kisha fedha, kisha kwa mwenye mamlaka ya kusaini.

Tarehe ya mwisho wa mradi ikishapita, mambo hubadilika kabisa. Tazama swali la 13.

3. Kuna tofauti gani kati ya kuomba muda na kuomba muda pamoja na fedha?

Kubwa sana. Nyongeza ya muda peke yake mara nyingi huamuliwa na afisa anayesimamia ruzuku yako: tarehe inasogea, bajeti inabaki ileile. Nyongeza ya fedha humlazimu mfadhili kutafuta hela ambayo hakuipangia, na wengi hawana fungu la namna hiyo katikati ya mwaka.

Ndiyo maana nashauri uandike barua moja yenye maombi mawili yanayoweza kutenganishwa. Ombi la kwanza muda, la pili fedha, kila moja na sababu zake, ili la pili likikataliwa la kwanza lisianguke nalo. Nimeona watu wakiyachanganya katika sentensi moja wakarudishiwa yote mawili.

4. Je, mzabuni kuchelewa ni sababu inayokubalika?

Peke yake haitoshi. Machoni pa mfadhili wewe ndiye uliyemchagua mzabuni, ukaandika mkataba naye, na hatari ya kuchelewa kwake ni yako. Usikimbilie kifungu cha matukio yasiyozuilika. Kifungu hicho ni cha mafuriko, vita, mlipuko wa ugonjwa au bandari kufungwa, yaani mambo ambayo hakuna mhusika angeweza kuyakwepa.

Mzigo wetu ulikaa bandarini Dar es Salaam kwa sababu mzabuni aliusafirisha bila cheti cha ukaguzi wa ubora kinachotakiwa na TBS kabla bidhaa haijaondoka nchi ilikotoka. Huo ni uzembe wake, na tungeuita tukio lisilozuilika tungeonekana hatujui kazi au tunaficha.

Kinachomshawishi mfadhili ni kuona kwamba ulimpata mzabuni kwa ushindani, ulimwekea tarehe na adhabu kwa maandishi, ulimfuatilia, na umemtoza. Barua ikionyesha hayo manne, kuchelewa kwake kunakuwa jambo lililokupata ukiwa macho.

## Kuhesabu muda

5. Vifaa vimechelewa wiki 10. Niombe wiki 10?

Hapana. Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mfadhili anataka kujua kazi ipi ilikuwa inasubiri vifaa hivyo na ipi haikuwa inasubiri. Kuna miradi ambayo wiki 10 za kuchelewa huzaa wiki 4 za nyongeza, na mingine huzaa 16.

Kwa kisima chetu mnyororo ulikuwa huu. Kusimika pampu na paneli, wiki 5. Kujaza tangi na kupima bomba kwa presha, wiki 2. Kuendesha mradi kwa majaribio huku tukifundisha jumuiya ya watumia maji, wiki 8. Mpango wa awali ulianza kusimika 18 Agosti na ulimaliza mafunzo 30 Novemba. Baada ya hapo zilikuwepo wiki 3 za akiba hadi 21 Desemba, kisha siku 10 za ripoti na kufunga hesabu.

Kuchimba mitaro na kutandaza bomba kilomita 3.2 hakukusubiri pampu, nako kulikamilika Septemba. Tuliandika hivyo waziwazi. Mfadhili asome kwamba siku 70 za kusubiri hamkukaa mkipiga soga kwenye stoo.

Sasa hesabu. Vifaa vilifika 24 Oktoba, kusimika kukaanza 27 Oktoba, na kwa mwendo uleule mafunzo yangeisha 8 Februari. Akiba ya wiki 3 tumeila, kwa hiyo kinachobaki ni wiki 7. Ongeza zile siku 10 za ripoti na mradi unafungwa 18 Februari: siku 49 baada ya tarehe ya mkataba, si 70.

6. Na kama kuchelewa kumesukuma kazi ndani ya msimu wa mvua?

Dai, lakini thibitisha. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Bomba linapopimwa kwa presha, maungio huachwa wazi ili fundi aone panapovuja. Kwa mpango wa awali upimaji ulikuwa mwishoni mwa Septemba, ardhi ikiwa kavu kama tofali. Kwa mpango mpya uliangukia kati ya 1 na 14 Desemba. Mtaro uliochimbwa kwenye udongo wa mbuga ukinyeshewa usiku mmoja, asubuhi kuta zimeshukia bomba na maungio yamezama kwenye tope. Hapo vibarua wanarudi kufukua na kuchota maji kabla fundi hajagusa pampu ya kupimia.

Tuliomba siku 10 kwa ajili ya hilo. Tuliambatisha utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na kurasa za daftari la kazi la mradi wetu wa jirani zilizoonyesha siku zilizopotea kwa mvua mwaka uliotangulia. Hivyo 18 Februari ikawa 28 Februari, na ombi likawa siku 59 kamili. Ukiandika tu "kutokana na mvua" bila karatasi nyuma yake, mistari hiyo itakatwa.

## Kuhesabu fedha

7. Gharama zipi naweza kuomba?

Zile tu ambazo zisingekuwepo kama vifaa vingefika kwa wakati. Jiulize kwa kila mstari: mzabuni angeleta 15 Agosti, ningelipa hiki? Ukijibu ndiyo, kiondoe.

Mistari iliyovuka chujio hilo kwetu ilikuwa mitano. Walinzi wawili wa eneo la mradi kwa miezi 2, shilingi 1,000,000. Fundi msimamizi miezi 2, 1,800,000. Nusu ya mshahara wa mratibu miezi 2, 1,400,000. Kufukua mitaro iliyoporomoka, 1,200,000. Na safari ya kreni iliyokuja ikarudi bila kazi, 1,650,000. Jumla 7,050,000.

Mstari wa kreni ulihitaji maelezo. Kwa nini mliita kreni kabla ya mzigo kufika? Kwa sababu 14 Agosti mzabuni alituandikia barua pepe kwamba lori limeshaondoka Dar es Salaam. Halikuwa limeondoka. Barua pepe hiyo ilikuwa kiambatisho. Kama angetuambia kwa simu tu, ningeuondoa mstari huo mwenyewe.

Mafunzo hayakuingia hata shilingi, kwa kuwa yalikuwa yamebajetiwa na hayakuongezeka, yalisogea tu. Kodi ya ofisi tuliiacha pia, maana ofisi ile inahudumia miradi mingine.

8. Je, nimwombe mfadhili jumla yote hiyo?

Usifanye hivyo. Kabla ya mfadhili kuna mifuko miwili ya kugusa.

Wa kwanza ni wa mzabuni. Mkataba wetu ulikuwa na fidia ya ucheleweshaji ya asilimia 0.1 ya bei kwa kila siku, ikiishia asilimia 10. Asilimia 0.1 ya 61,400,000 ni 61,400. Kwa siku 70 ni 4,298,000, chini ya kikomo cha 6,140,000. Tuliikata kwenye ankara yake ya malipo ya kupokea mzigo: alidai 30,700,000, tukamlipa 26,402,000. Kumbuka kwamba fedha iliyokatwa ni ya mradi. Asiyeitaja kwenye barua atakutwa nayo na mkaguzi.

Wa pili ni fungu la dharura ndani ya bajeti, ambalo kwetu lilibaki na 900,000.

Toa yote: 7,050,000 ukiondoa 4,298,000 inabaki 2,752,000. Ondoa 900,000, inabaki 1,852,000. Hiyo ndiyo tuliyoomba, chini kidogo ya asilimia 1 ya bajeti. Barua inayoonyesha jinsi milioni saba zilivyoshuka hadi chini ya mbili husomwa kwa jicho tofauti.

9. Kuna haja gani ya kuomba fedha kama naweza kuhamisha kutoka kifungu kingine?

Kama kuna salio la kweli, hamisha. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha kiasi fulani kati ya vifungu bila kibali, na zaidi ya hapo kwa kibali. Ila usinyonye kifungu cha kazi inayowagusa wanakijiji ili kulipa walinzi. Kupunguza vituo vya kuchotea maji kutoka 6 hadi 5 ni kubadilisha mradi wenyewe, na jambo hilo linahitaji ombi lake.

10. Mkataba wangu na mzabuni hauna kifungu cha fidia. Nifanyeje?

Sema ukweli, kisha onyesha ulichopata kwa mazungumzo: punguzo kwenye ankara ya mwisho, usafiri wa bure, dhamana iliyoongezwa mwaka. Kiandikwe na kisainiwe na mzabuni. Usijitungie asilimia na kumkata, kwa kuwa atakuwa na haki ya kudai. Kwa ununuzi ujao, weka kifungu hicho kwenye LPO hata kama agizo ni dogo.

## Barua yenyewe

11. Barua iwe na sura gani?

Ukurasa mmoja na nusu, kisha viambatisho. Ombi likae kwenye kichwa na aya ya kwanza. Tumezoea kufungua na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" kisha salamu, kisha historia ya kijiji, na msomaji anafika aya ya nne hajajua unataka nini. Yafuatayo ni maneno ya barua yetu, nikiwa nimeondoa majina.

> Kumb. Na. … &nbsp;&nbsp; 4 Novemba
>
> YAH: OMBI LA NYONGEZA YA SIKU 59 NA SHILINGI 1,852,000, MKATABA WA RUZUKU NA. …
>
> Tunaomba (a) tarehe ya mwisho wa mradi isogezwe kutoka 31 Desemba hadi 28 Februari, na (b) bajeti iongezwe shilingi 1,852,000. Tunaomba maombi haya yaamuliwe kila moja peke yake. Rejea pia taarifa yetu ya 19 Agosti.
>
> Pampu, paneli na inverta zilitakiwa kufika 15 Agosti na zimefika 24 Oktoba, siku 70 baadaye. Mzigo ulizuiliwa bandarini kwa kukosa cheti cha ukaguzi wa ubora, ambacho kilikuwa jukumu la mzabuni. Tulimwandikia 16 Agosti na 2 Septemba. Tumemkata fidia ya shilingi 4,298,000 kwa mujibu wa mkataba.
>
> Katika kipindi hicho tulikamilisha mitaro na bomba kilomita 3.2 pamoja na mnara wa tangi. Kazi zilizosimama ni kusimika pampu, kupima bomba na mafunzo. Ratiba ya zamani na mpya zipo kwenye Kiambatisho A.
>
> Gharama za ziada ni shilingi 7,050,000. Fidia ya mzabuni na fungu la dharura vinalipa 5,198,000. Ombi letu ni tofauti iliyobaki (Kiambatisho B).
>
> Ikiwa ombi (b) halitawezekana, tutaondoa fundi msimamizi mwezi wa pili na kupunguza siku za mratibu. Hatari yake ni kwamba jumuiya ya watumia maji itaendesha pampu bila fundi karibu katika mwezi wa pili wa nyongeza.
>
> Idadi ya wanufaika na vituo vya maji haibadiliki.
>
> Tunaomba jibu ifikapo 29 Novemba, kwa kuwa mikataba ya walinzi na fundi inaisha 31 Desemba.

Aya ya kupunguza wafanyakazi wengi huiogopa wakidhani inampa mfadhili njia ya kukataa. Kwangu ndiyo aya muhimu kuliko zote. Inamwonyesha kwamba umeshafikiria kukataliwa, na inamweleza kukataa kutagharimu nini na nani ataumia.

12. Viambatisho gani vinahitajika?

Ratiba mbili kwenye ukurasa mmoja, jedwali la gharama, mkataba wa mzabuni ukurasa wa tarehe na wa fidia, barua za kumfuatilia, hati ya kupokea mzigo yenye tarehe na saini, na ankara iliyokatwa. Hati ya kupokea mzigo ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo tarehe ya 24 Oktoba ni maneno yako tu. Kama mwenyekiti wa kijiji au afisa wa RUWASA alikuwepo siku hiyo, mwombe asaini naye.

## Hali zisizo za kawaida

13. Mradi umeshaisha na sikuomba. Bado naweza?

Unaweza kuandika, ila jua kwamba mkataba uliokwisha hauongezwi kwa urahisi. Kinachowezekana zaidi ni mfadhili kukubali gharama zilizoahidiwa kabla ya tarehe ya mwisho, mfano LPO iliyotolewa Oktoba na kulipwa Januari. Kazi iliyoanza baada ya tarehe hiyo utailipa mwenyewe. Andika leo, usingoje ripoti ya mwisho.

14. Nimeomba na sijajibiwa. Niendelee na kazi?

Kabla ya tarehe ya mwisho, endelea na kazi zilizo ndani ya bajeti ya zamani. Usitumie hata shilingi ya fedha uliyoomba, na usisaini mikataba inayovuka tarehe ya zamani. Ukimya wa mfadhili si kibali. Wala "sawa, tutaangalia" ya simu si kibali. Baada ya mazungumzo ya simu tuma barua pepe siku hiyohiyo ukirudia mlichokubaliana na umwombe athibitishe.

15. Ni kosa letu pia: tulichelewa kulipa malipo ya awali.

Ligawe. Kama mzabuni alipaswa kulipwa 1 Juni na mkamlipa 15 Juni, siku 14 za mwanzo ni zenu, na fidia ihesabiwe kwa zilizobaki. Ziandike kabla hajaziandika yeye, kwa kuwa atazitumia kupinga fidia yote.

16. Na kama tulichelewa kulipa kwa sababu awamu ya fedha ya mfadhili mwenyewe ilichelewa?

Sema kwa tarehe, bila kulaumu. "Awamu ya pili ilitarajiwa 1 Mei na ilipokelewa 29 Mei, malipo ya awali kwa mzabuni yalifanyika 2 Juni." Sentensi hiyo inatosha, na afisa anayesoma ataelewa. Katika hali hii ombi lako lina nguvu zaidi, kwa hiyo usiliache kwa woga wa kumuudhi.

17. Tuna wafadhili wawili. Nani aombwe?

Wote wapate taarifa siku moja, kwa barua zenye takwimu zilezile. Fedha igawanywe kwa uwiano wa michango yao katika kazi iliyocheleweshwa, siyo kwa uwiano wa bajeti nzima. Kama mmoja alilipia mitaro pekee, hadaiwi chochote kuhusu pampu, lakini huenda tarehe yake nayo ikahitaji kusogezwa, maana bomba lake haliwezi kupimwa bila maji.

18. Vifaa vimefika nusu. Siku za kuchelewa zihesabiwe vipi?

Hesabu hadi siku kazi ilipoweza kuanza. Paneli bila inverta haziendeshi pampu, kwa hiyo hata zikifika mwezi mmoja mapema hazipunguzi siku za nyongeza unazoomba. Fidia ya mzabuni lakini hufuata maneno ya mkataba: mingine hukata kwa bei ya kilichochelewa tu. Kwa hiyo siku zinaweza kuwa nyingi na fidia ikawa ndogo. Ikiwa hivyo, eleza tofauti hiyo kwenye Kiambatisho B, chini kabisa ya mstari wa fidia, kabla haijaulizwa.